Mzee Hajibu, Anachanganya Mambo: Kagua Masikio na Miwani Kabla ya Kusema Ni Dimenshia

Mzee anayeishi kwenye makao ya wazee anaanza kujibu mambo ambayo hakuulizwa. Anatabasamu na kuitikia ndiyo kwa kila kitu. Anabaki chumbani wenzake wakiwa ukumbini, anaacha chakula sahanini, anawatuhumu wahudumu kwamba wanamsengenya, na jioni anadai kuna mtu kasimama karibu na kabati. Ukiyapanga haya yote kwenye ukurasa mmoja yanasomeka kama dimenshia, maradhi ya kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kudhoofika, na mara nyingi ndivyo yanavyoandikwa kwenye faili lake. Lakini kila moja kati ya hayo linaweza kumpata mtu mwenye kumbukumbu nzuri kabisa, ikiwa sikio limezibwa na nta, kifaa chake cha kusikia kimeishiwa betri na miwani aliyovaa ni ya jirani yake.

Ukaguzi huu unafanywa na ndugu anayemtembelea, kwa kushirikiana na mhudumu wa zamu. Utahitaji tochi ndogo, karatasi na kalamu nene nyeusi, kitambaa laini, betri mpya za ukubwa unaofaa, na saa moja isiyo na haraka. Shabaha si kuthibitisha kwamba mzee hana dimenshia. Ripoti ya mwaka 2024 ya tume ya jarida la Lancet inautaja upungufu wa kusikia, na pia upungufu wa kuona usiotibiwa, miongoni mwa mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimenshia, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na yote. Shabaha ni kuondoa kinachoondoleka, ili kinachobaki kionekane kilivyo.

## Hali zisizongoja ukaguzi

Jiulize kwanza: mabadiliko haya yalianza lini? Dimenshia kwa kawaida huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa sawa juzi na leo amechanganyikiwa, au anayebadilika kutoka saa hadi saa, mara amelegea kwa usingizi, mara amefadhaika, anahitaji daktari siku hiyohiyo. Mkanganyiko wa ghafla mara nyingi una chanzo mwilini: maambukizi, upungufu wa maji, dawa mpya, kufunga choo au mkojo kushindwa kutoka. Miwani safi haitaponya hayo.

Vilevile usingoje kama sikio moja limepoteza usikivu ghafla na hakuna nta inayoonekana, maana baadhi ya visa hivyo hutibika vikiwahiwa ndani ya siku chache. Jicho lililoacha kuona ghafla, uso ulioinama upande mmoja, mkono uliolegea au maneno yasiyoeleweka ni dharura.

## Hakusikia, au hakuelewa?

Hapa ndipo pa kuanzia, kwa sababu jibu lake litakuelekeza pa kuangalia.

Usikivu wa uzeeni kwa kawaida hupotea kuanzia sauti nyembamba. Irabu ni nzito na zina nguvu, kwa hiyo husikika. Konsonanti kama s, sh, f, t na k hufifia. Kwa mtu wa namna hiyo, "fika", "pika", "shika" na "sita" ni karibu neno moja. Ndiyo maana atakuambia anasikia, na ni kweli anasikia kwamba unaongea, ila hapati ulichosema. Sikiliza makosa yake kwa makini. Ukiuliza "Nani alikuja jana?" naye akajibu "Hapana, sina njaa," hilo ni kosa la sikio: amekamata sauti iliyofanana na neno lako na kujijazia mengine. Akijibu kwamba alikuja dada yake aliyefariki miaka mingi iliyopita, swali lilimfikia sawasawa, na tatizo liko kwingine.

Sasa fanya jaribio la karatasi. Zima televisheni, funga mlango, kaa mbele yake umbali wa mita moja hivi, na mwanga uangukie uso wako badala ya kuwa nyuma yako. Uliza kwa sauti yako ya kawaida swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana, mfano "Asubuhi umekula nini?" Akikosea, usipandishe sauti. Andika swali hilohilo kwenye karatasi, herufi zenye urefu wa sentimita mbili au zaidi, kwa kalamu nene nyeusi, umpe asome. Fanya hivyo kwa maswali matano au sita tofauti, na kwa kila moja andika pembeni jibu la kusikia na jibu la kusoma.

Anayekosea kwa sikio na kupatia kwa karatasi ana tatizo la kusikia, hata kama kuna jingine pia. Anayekosea yote mawili bado hujamjua: huenda hasomi vizuri kwa sababu ya macho, au hakuwahi kusoma, au kweli haelewi. Kwake tumia kikuza sauti cha mfukoni chenye hedifoni, kile kijisanduku chenye maikrofoni unachoshika karibu na mdomo wako huku yeye amevaa hedifoni. Makao mengine huwa nacho kwa ajili ya wageni na madaktari. Anza na sauti ya chini kabisa, panda taratibu, kisha rudia maswali.

Kupiga kelele sikioni hakusaidii. Kunakuza irabu ambazo tayari anazisikia, kunakunja uso wako ukaonekana umekasirika, na kwa sikio la mzee sauti kubwa hugeuka kero haraka.

## Nta ya sikio

Kagua sikio kabla ya kifaa, kwa sababu kifaa kizima kilichoingizwa kwenye tundu lililoziba hakifanyi kazi, na utapoteza muda kukilaumu. Nta ya wazee ni kavu na nzito zaidi, na kifaa kinachokaa sikioni mchana kutwa huizuia isitoke yenyewe na tena huisukuma ndani.

Dalili zake ni sikio kuhisi limejaa, mvumo, kizunguzungu, wakati mwingine kikohozi kisichoeleweka, kwa kuwa ukuta wa tundu la sikio una mshipa wa fahamu unaoweza kuchochea kukohoa. Tundu likiwa limezibwa kwa sehemu tu, usikivu hubadilika kidogo sana. Unapungua sana pale upenyo wa mwisho unapofungwa, na hilo laweza kutokea baada ya kuoga: maji huingia, nta inavimba, na kesho yake mhudumu anaripoti kwamba mzee "ameanza kuchanganyikiwa".

Vuta sehemu ya juu ya sikio taratibu kuelekea juu na nyuma ili tundu linyooke, kisha mulika kwa tochi. Ukiona ukuta wa kahawia au mweusi badala ya shimo, mwombe muuguzi aangalie kwa otoskopu, kifaa chenye taa na lenzi cha kutazamia ndani ya sikio. Usipoona kitu bado haijathibitika, kwa sababu tochi hufika sehemu ya nje tu na nta yaweza kuwa ndani zaidi.

Cha kulainisha ni mafuta ya zeituni ya dawa, matone mawili au matatu, mara tatu hadi nne kwa siku kwa siku tatu hadi tano. Mzee alale ubavu, sikio husika likiwa juu, akae hivyo dakika tano hadi kumi. Yako pia matone ya sodiamu baikaboneti. Kwenye makao, matone haya yaidhinishwe na muuguzi na yaandikwe kwenye karatasi ya dawa, la sivyo zamu ya usiku haitajua na yatatiwa siku moja tu. Wahudumu waambiwe mambo mawili. Kwanza, usikivu unaweza kuzidi kupungua katika siku hizo kwa sababu nta inavimba, na hilo lisichukuliwe kuwa ugonjwa umepamba moto. Pili, kifaa cha kusikia kisirudishwe sikioni tundu likiwa bado limelowa mafuta, maana mafuta hayohayo huziba kichujio chake.

Usitie chochote ikiwa sikio linauma, linatoa usaha au damu, liliwahi kutoboka kiwambo, au lilifanyiwa upasuaji. Mzee mwenye kisukari aliye na maumivu makali ya sikio na majimaji yanayotoka apelekwe kwa daktari haraka, kwa sababu maambukizi ya tundu la sikio kwake yanaweza kuingia hadi kwenye mfupa. Vijiti vya pamba hupakia nta ndani kama baruti kwenye gobori. Vitolewe kwenye droo yake kabisa. Mishumaa ya masikio huunguza na haitoi nta.

Kama siku tano zimepita na nta bado ipo, itolewe na mtaalamu, ama kwa kuisafisha kwa maji ama kwa kuinyonya kwa mashine ndogo. Kunyonya ndiko kunakofaa zaidi kwa mwenye kiwambo kilichotoboka au aliyewahi kupasuliwa sikio. Mtaalamu aambiwe mapema kama mzee anatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

## Kifaa cha kusikia

Tambua kwanza aina. Kipo kinachokaa nyuma ya sikio na kuunganishwa kwa mrija wa plastiki na kizibo kilichofinyangwa kwa umbo la sikio lake. Kipo chenye waya mwembamba unaoishia kwenye spika ndogo iliyovishwa kikofia laini cha silikoni. Na kipo kinachoingia chote ndani ya sikio. Kwa vyote, alama nyekundu ni sikio la kulia, alama ya buluu ni la kushoto.

Kujua kama kiko hai, kitoe sikioni, kiwashe, kishike kwenye kiganja na kufunika mkono kama unakamata panzi. Kikipiga mluzi, betri na maikrofoni na spika vinafanya kazi. Kisipopiga, usikitupe bado: vifaa vya kisasa vina uwezo wa kuzima mluzi wenyewe, kwa hiyo kimya kinahitaji hatua zaidi.

Kimya kabisa. Anza na betri. Betri ndogo za zinki na hewa hutambulika kwa namba na rangi ya stika: 10 ni njano, 312 ni kahawia, 13 ni chungwa, 675 ni buluu. Ukiondoa stika, hewa inaingia kwenye vitundu na betri inaanza kutumika, iwe iko kwenye kifaa au mezani. Kurudisha stika hakuisimamishi. Baada ya kuiondoa, iache betri dakika mbili hadi tano kabla ya kuiweka, vinginevyo itaonyesha dalili ya kufa mapema. Upande bapa wenye vitundu na alama ya kujumlisha uelekee juu. Kimlango kisipofunga kwa wepesi, betri imegeuzwa, ukikilazimisha kitavunjika.

Betri hizi hudumu siku chache hadi wiki mbili hivi, kulingana na ukubwa na saa za matumizi. Hilo linakupa njia ya kujua yanayotendeka usipokuwepo. Mzee mwenye vifaa viwili, kila kimoja kikila betri moja kwa wiki, humaliza pakiti ya betri sita kwa wiki tatu. Ukikuta pakiti uliyoileta miezi mitatu iliyopita ina betri tano bado, vifaa vimekuwa vikikaa kwenye droo, na siku zote hizo mzee amekuwa akipimwa akili kwa masikio matupu.

Kifaa cha kuchaji kina maradhi mengine. Angalia kama taa ya chaja inawaka kifaa kikiwa ndani yake. Mara nyingi hakikukaa vizuri kwenye shimo lake, au vichwa vya chuma vimepata nta na vumbi, au soketi ya ukutani ilizimwa usiku na mtu aliyetaka kuchomeka kitu kingine. Futa vichwa hivyo kwa kitambaa kikavu.

Betri ni mpya, sauti hakuna au ni hafifu. Tazama mahali sauti inapotokea. Kwenye vifaa vya waya na vya ndani ya sikio, mwishoni kuna kichujio cha nta chenye ukubwa wa kichwa cha pini. Vua kikofia cha silikoni ukimulika. Kama kijishimo kimejaa manjano au kahawia, kichujio kibadilishwe. Vichujio vipya huja na kijiti chenye ncha mbili: ncha tupu inachomekwa kwenye kichujio cha zamani na kukivuta nje, kisha kijiti kinageuzwa na ncha yenye kichujio kipya inasukumwa hadi ikae. Usitumie sindano, itatoboa spika. Kwenye aina ya mrija, kagua kama mrija umekuwa mgumu na wa njano, umejikunja, au una matone ya maji ndani. Mrija ulio mgumu hubadilishwa kila baada ya miezi michache. Kizibo chenye mrija wake unaweza kukichomoa kutoka kwenye kifaa na kukiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha kukausha usiku kucha na kupuliza maji yote yatoke. Kifaa chenyewe hakiguswi na maji wala hakikaushwi kwa mashine ya nywele. Kifutwe kwa kitambaa kikavu na kupigwa brashi laini, mdomo wake ukielekea chini ili uchafu uanguke nje.

Angalia pia kama kina kitufe cha programu au swichi yenye herufi T. Mpangilio wa T hupokea sauti kutoka kwenye mitambo maalumu ya ukumbini na waweza kuzima maikrofoni ya kawaida, hivyo kidole kilichobonyeza kwa bahati mbaya kinamwacha mzee kwenye ukimya na kifaa kikiwa kizima.

Kinapiga mluzi sikioni. Sauti inavuja na kurudi kwenye maikrofoni. Sababu ni nta, kizibo kisichoingia vizuri, au kilicholegea. Hili la mwisho husahaulika sana: mzee dhaifu aliyepungua uzito hupungua hata nyama ya sikio, na kizibo kilichopimwa zamani sasa kinacheza. Anahitaji kufinyangiwa kingine. Kwenye aina ya waya, tazama kama waya umelala bapa kwenye shavu la sikio. Ukiwa umebinuka nje, kikofia hakijafika ndani. Na ukikitoa kifaa ukakuta kikofia hakipo mwishoni, kimulike sikioni, kwani huenda kimebaki humo. Usikichokonoe, muite muuguzi.

Kinafanya kazi, anakivua. Usiandike haraka kwamba anakataa. Angalia kidonda nyuma ya sikio au mahali kizibo kinapogusa. Angalia rangi: vya kulia na kushoto vikibadilishwa, kizibo kinauma na sauti haimfai, kwa sababu kila kimoja kimepangwa kwa sikio lake. Angalia kama ni chake. Na kama hakukivaa kwa miezi, kila sauti ya kijiko na kiti itamshtua. Arudishwe kidogo kidogo, saa moja au mbili kwa siku mahali patulivu, akiongezewa kila siku chache kwa muda wa wiki kadhaa.

Onyo moja ambalo halina mjadala: betri hizi zinafanana na vidonge. Mzee aliyechanganyikiwa anaweza kuimeza au kuichomeka sikioni au puani. Ikitokea, ni dharura ya hospitali papo hapo. Betri za akiba zikae kwa wauguzi, na mtaalamu wa vifaa anaweza kuweka kimlango kinachofungwa kwa kifaa maalumu.

## Miwani

Ioshe kwanza, kwa maji na tone la sabuni, uifute kwa kitambaa laini. Lenzi iliyokuwa na mafuta ya vidole kwa wiki nzima inapunguza mengi kwa jicho ambalo tayari lina uhaba wa mwanga: retina ya mtu wa miaka 60 hupokea takribani theluthi ya mwanga unaoifikia retina ya kijana wa miaka 20. Kwa hiyo washa taa pia kabla ya kuhukumu.

Kisha thibitisha kwamba ni yake na ni ya kazi anayoifanya. Ishike miwani mkononi, tazama kupitia lenzi kitu chenye mstari wima kama fremu ya mlango, na uisogeze kulia na kushoto. Lenzi za kusomea za wazee hukuza, na picha huonekana ikikimbilia upande usioupeleka. Lenzi za kuonea mbali za mwenye maono mafupi hupunguza, na picha hufuata unakopeleka. Sasa linganisha na alivyokuwa akitumia. Aliyevaa miwani ya kusomea kutwa nzima anaona ukungu kila kilicho mbali: uso wa anayeingia mlangoni, saa ya ukutani, ngazi. Hatamtambua mwanawe hadi asikie sauti, na ataanguka.

Uliza swali hili kila mara: aliwahi kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na lini? Upasuaji hubadilisha nguvu ya jicho kwa sababu lenzi mpya imewekwa ndani. Miwani ya kabla ya upasuaji, ambayo mhudumu mwaminifu anamvika kila asubuhi, inaweza kulitia ukungu jicho lililotengenezwa. Mvue, mwombe asome herufi kubwa na atazame kitu cha mbali bila miwani. Akiona vizuri zaidi, iwekwe kando na apimwe upya.

Fremu iliyopinda nayo ina neno, hasa kwa lenzi zenye sehemu mbili. Ikishuka puani, sehemu ya kusomea inakaa pasipo jicho. Apimwe jicho moja moja, kwa kufunika jingine kwa kiganja bila kulikandamiza.

Namna anavyokosea hueleza mengi. Anayelalamikia mwangaza na kuona rangi zimefifia huenda ana mtoto wa jicho. Anayegeuza kichwa ili akutazame kwa pembeni huenda amepoteza kitovu cha kuona. Anayegonga fremu za milango huenda amepoteza kingo, kama inavyotokea kwenye presha ya macho. Anayekula upande mmoja tu wa sahani, nusu ikabaki kwa mstari safi kabisa, apelekwe kwa daktari, kwa sababu hiyo mara nyingi ni alama inayoachwa na kiharusi. Ukizungusha sahani, atakula iliyobaki.

Kuhusu watu anaowaona pembeni. Wazee waliopoteza uwezo wa kuona wanaweza kuona watu, watoto, wanyama au michoro isiyokuwepo, ilhali akili yao iko sawa. Mwanazuoni wa Uswisi Charles Bonnet aliieleza hali hiyo mwaka 1760 kutokana na yaliyompata babu yake, na leo inaitwa kwa jina lake. Maono hayo huwa hayana sauti, na mara nyingi mzee mwenyewe akiulizwa kwa upole anakiri si ya kweli. Lakini ipo pia aina ya dimenshia, ile ya miili ya Lewy, inayoleta maono, na wagonjwa wake wanaweza kudhuriwa vibaya na baadhi ya dawa za kutuliza akili. Kwa hiyo daktari aelezwe kuhusu macho kabla dawa yoyote ya namna hiyo haijaanzishwa.

## Mfano mmoja hadi mwisho

Bibi wa miaka 84, yuko kwenye makao. Kwa miezi miwili faili linasema: hajibu, hataki kula ukumbini, anaona mwanamume chumbani jioni.

Maswali sita ya kusikia: amepata mawili. Yaleyale kwenye karatasi: amepata matano, akisoma polepole huku ameisogeza karatasi puani. Tayari masikio yameonekana, na macho yametia shaka.

Tochi inaonyesha ukuta wa kahawia kwenye sikio la kushoto. La kulia lina shimo wazi. Vifaa vyake ni vya waya. Chenye alama nyekundu kimevaliwa kushoto. Cha buluu, kilichovaliwa kulia, hakipigi mluzi hata kwa betri mpya, na kichujio chake kimejaa. Sikio pekee lililo wazi lilikuwa limezibwa na kifaa kilichokufa, kwa hiyo alikuwa anasikia vibaya zaidi kuliko kama asingevaa chochote. Hapo ukaguzi ulilipa mara moja: kichujio kilibadilishwa, chekundu kikarudi kulia, naye akaweza kuzungumza kwa sauti ya kawaida chumbani siku hiyohiyo. Sikio la kushoto lilipewa matone kwa siku tano, kisha nta ikanyonywa na kifaa cha buluu kikarudi mahali pake.

Miwani yake ni ya kabla ya upasuaji wa jicho la kulia, uliofanyika miezi mitano nyuma. Bila miwani aliona saa ya ukutani. Mwanamume wa jioni alikuwa koti lililoning'inia kwenye ndoano nyuma ya kabati. Lilihamishwa, taa ikawa inawashwa kabla giza halijaingia, na hakumtaja tena.

Wiki tatu baadaye anakula ukumbini, kwenye meza ya pembeni iliyo mbali na jiko. Anawataja wageni wa Jumapili kwa majina. Lakini bado anauliza ni siku gani mara nne asubuhi moja, na amesahau kwamba alihama chumba. Hayo hayakuondoka, na ndiyo yanayopelekwa kwa daktari.

## Unachompelekea daktari

Peleka karatasi yenye majibu ya kusikia na ya kusoma, tarehe nta ilipotolewa, tarehe vifaa vilipoanza kufanya kazi, na yaliyobaki baada ya hapo. Omba kipimo cha kumbukumbu kifanywe vifaa vikiwa sikioni na miwani sahihi usoni, kwenye chumba kimya. Vipimo vya kawaida vyenye alama 30 humtaka mzee arudie maneno aliyotajiwa, kisha ayakumbuke baada ya dakika chache. Muulize mpimaji: mara ya kwanza aliyarudia sawasawa? Akitajiwa neno moja na kurudisha jingine linalofanana nalo, hakuna kumbukumbu iliyopimwa hapo. Kama usikivu au uoni haurekebishiki, yapo matoleo ya kimojawapo cha vipimo hivyo, kiitwacho MoCA, kwa wasiosikia vizuri na kwa wasioona vizuri, liulizie linalomfaa.

Kwenye makao, omba mambo haya yaingizwe kwenye mpango wake wa huduma kwa jina la zamu inayohusika: nani anavivalisha vifaa asubuhi, nani anavivua na kufungua vimlango vya betri usiku, siku gani ya wiki betri na vichujio vinakaguliwa. Bandika ndani ya mlango wa kabati picha ya sikio lake likiwa na kifaa kilichokaa sawa, na picha ya miwani yake. Andika jina kwenye mkono wa fremu na kwenye kisanduku cha vifaa. Kikipotea kifaa, kitafuteni kwanza kwenye mashuka kabla hayajaenda kufuliwa, kwenye mifuko ya gauni la kulalia, na ndani ya karatasi laini za kufutia kwenye trei ya chakula, kabla trei haijamwagwa.